Kutoa saruji na nondo kwa kazi iliyopimwa: mfano wa lenta ya mita 60

Swali: "Nina stoo yenye kufuli na daftari la kuandika kila mfuko unaotoka, lakini saruji inaisha kabla ya kazi. Nimeambiwa nitoe vifaa kwa kazi iliyokwisha fanyika. Zege litamwagwaje kabla saruji haijatoka? Naomba mwenye uzoefu anieleweshe."

Daftari lako linaonyesha nani alichukua nini na lini, ila halisemi mifuko hiyo ilipaswa kujenga kiasi gani. Kutoa kwa kazi iliyofanyika hakuna maana kwamba mafundi waanze mikono mitupu. Shehena ya kwanza inatoka kwa sehemu iliyo tayari, yaani mbao zimefungwa, nondo zimekaguliwa, na vipimo vimechukuliwa kwa tepu. Shehena ya pili haitoki mpaka ile ya kwanza ihesabiwe dhidi ya zege lililoonekana kwa macho.

Chukua lenta ya kuzunguka nyumba yenye urefu wa mita 60, upana milimita 200 na kina milimita 250. Ujazo wake ni 60 × 0.2 × 0.25, yaani mita za ujazo 3. Kwa uwiano wa 1:2:4, mita moja ya ujazo hula karibu mifuko 6.3 ya kilo 50, kwa hiyo lenta nzima ni mifuko 19. Ongeza mmoja kwa upotevu wa kawaida, iwe 20. Kinachofaa zaidi pale saiti ni kugeuza hesabu hiyo iwe mita: kila mita ya lenta hii ina ujazo wa 0.05, kwa hiyo mfuko mmoja unapaswa kusogeza kazi kwa mita 3 na kidogo. Namba hiyo hata kibarua wa mikisa anaweza kuikumbuka.

Basi toa mifuko 10 kwa nusu ya kwanza ya lenta. Kwenye fomu ya kutolea andika sehemu inakokwenda ("lenta, kuanzia kona ya kaskazini, mita 30"), uwiano, idadi ya mifuko, na sahihi ya msimamizi aliyepima mbao. Mtunza stoo asikubali fomu iliyoandikwa "lenta" tu, kwa sababu hapo hakuna cha kupimia. Ikibaki mifuko mitatu, msimamizi apime zege lilipofikia, na shehena ya pili isogezwe. Upimaji huu huchukua dakika chache na usiwe sababu ya kusimamisha umwagaji. Zege likianza kushika kabla la pili halijamwagwa, panabaki kiungo dhaifu, na hasara yake ni kubwa kuliko mfuko unaoulinda.

Sasa tuseme mifuko 10 imefika mita 26 tu. Usikimbilie kumwita mtu mwizi. Kwanza pima upana wa mbao kwa ndani. Zikifunguka kutoka milimita 200 hadi 220, lenta imenenepa kwa asilimia 10, na mifuko ile ile inaishia karibu mita 29. Pili, angalia mchanga. Mchanga wenye unyevu huvimba, boksi linajaa huku mchanga wenyewe ukiwa pungufu, na mfuko mmoja unatoa zege dogo kuliko ulivyokadiria. Tatu, tazama wanapimia nini. Toroli halina kipimo kimoja, maana mmoja anajaza kichuguu na mwingine anasawazisha. Tengeneza boksi la mbao la sentimita 40 × 35 × 25. Hilo ni lita 35, sawa na ujazo wa mfuko mmoja wa saruji, kwa hiyo kila mfuko unaingia na maboksi mawili ya mchanga na manne ya kokoto, yaliyosawazishwa kwa ubao. Mambo haya matatu yakiwa sawa na upungufu ungalipo, ndipo uulize mifuko imekwenda wapi.

Wengi hawaulizi lolote mifuko 10 ikifika mita 38. Wanafurahi kwamba fundi ameokoa saruji. Hapo zege limepata mifuko 5.3 tu kwa mita ya ujazo badala ya 6.3, au sehemu ya saruji uliyodhani imetumika haikuingia kwenye mikisa. Huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii: kipimo cha kazi peke yake hakioni zege jepesi. Mtu anaweza kumwaga lenta nzima kwa mifuko 16, fomu ikasoma 20, na vipimo vya tepu vikakubali. Kwa hiyo weka mtu mmoja wa kuchora mstari kila mfuko unapofunguliwa kwenye mikisa, na mtu huyo asiwe yule aliyepokea saruji stoo. Mifuko mitupu irudishwe na ihesabiwe, lakini kila mfuko upigwe alama ya rangi ya siku hiyo unapotoka stoo, kwa kuwa mifuko mitupu huokotwa popote.

Nondo zina tabia nyingine: upotevu wake huanzia kwenye kukata. Lenta hiyo hiyo ina nondo 4 za milimita 12 kwa urefu. Nondo ya mita 12 ikipishana na mwenzake milimita 600, inabaki mita 11.4 za kazi, kwa hiyo mistari minne inakula nondo 21 na kipande kifupi. Kona 4 zinataka vipande 16 vya umbo la L vya mita 1.2, na kila nondo inatoa 10. Ukipanga vizuri, 23 zinatosha zote. Anayepiga hesabu ya urefu mtupu, 240 gawa kwa 12, atatoa 20 kisha ashangae zinapoisha.

Ringi za milimita 8 ndizo zinazohitaji jicho. Zege la kufunika likiwa milimita 25, ringi ni 150 × 200, na pamoja na ndoano hukatwa karibu sentimita 85. Nondo moja inatoa ringi 14. Kwa nafasi ya milimita 200 unahitaji ringi 301, yaani nondo 22. Fundi akikata sentimita 95 kwa mazoea, nondo moja inatoa 12 na utahitaji 26. Nondo nne zimekwenda bila mtu kuiba. Kwa hiyo kata ringi moja ya mfano, ipimwe ikiwa imekunjwa, itundikwe mezani kwa fundi, ndipo utoe nondo za kutosha ringi 100. Zilizofungwa zihesabiwe kabla ya shehena inayofuata. Vipande vilivyobaki virudi stoo na vipimwe kwa uzito. Kanuni ya kilo kwa mita ni kipenyo × kipenyo ÷ 162, kwa milimita: ya 12 ni 0.89, ya 8 ni 0.395. Kanuni hiyo itumie pia siku ya kupokea. Kata kipande cha mita moja ukipime, maana nondo nyembamba haionekani kwa kuhesabu idadi.

Kwa plasta, usitegemee sana hesabu ya mezani. Ukuta uliopinda hufanya milimita 15 ziwe 22, na saruji inapanda karibu kwa nusu. Simamia mita 10 za mraba za kwanza kwenye kila ukuta wa aina yake, uhesabu zimekula nini, na hicho ndicho kiwe kipimo chako cha kutolea.