Nyimbo za shukrani, familia nzima tarehe 31

"Tunakutana kijijini kufunga mwaka, watu kama 20. Tuimbe nini cha kushukuru ambacho hata bibi atajua?"

Anza na pambio la "Asante sana Yesu". Maneno ni machache, kwa hiyo asiyeona karatasi anaimba tu. Kisha "Ebenezer" ya Angela Chibalonza: jina limetoka 1 Samweli 7:12, jiwe la "hata sasa Bwana ametusaidia", ndiyo maana linakaa vizuri mwisho wa mwaka. Ila wimbo huo msiimbe wote mwanzo mwisho. Mmoja aongoze beti, wengine wadake kiitikio.

Kosa kubwa ni kuanzia juu. Sisi mwaka jana shangazi alianza kwa sauti ya kwaya, kufika kiitikio wajomba wote kimya, wanakohoa. Anzisha chini, karibu na sauti yako ya kuongea.

— Wekeni spika tu, mambo yaishe!

— Spika ikiwaka wanasikiliza, hawaimbi. Labda wakati wa kula.

— Kwetu nusu ni Waislamu, hapo inakuwaje?

— Waulize wenyewe kwanza. Kwetu shemeji huongoza kaswida kabla ya pilau, sisi tunaitikia tunapoweza.