Barua ya Kazi kwa Mtu Usiyemjua Jina

Msomaji mmoja wa Likoni amenitumia barua aliyoomba nayo kazi ya ukarani wa ghala kwa wakala wa forodha huko Shimanzi. Inaanza: "Kwa yeyote anayehusika." Jamani, bado? Ofisi kama hiyo ina watu wa nyaraka, wa magari, wa mahesabu. Barua isiyomtaja mtu hubaki mezani kwa mapokezi, kila mmoja akidhani ni ya mwenzake.

Dawa ni cheo. Lisome kwanza tangazo la kazi. Mara nyingi chini kabisa limeandikwa maombi yapelekwe kwa nani. Kama limesema Meneja wa Rasilimali Watu, basi mwandikie huyo:

Meneja wa Rasilimali Watu,
(jina la kampuni),
S.L.P. (nambari), 80100 Mombasa.

Kwa Bw/Bi,
MINT: OMBI LA KAZI YA KARANI WA GHALA

Tangazo likiwa kimya, piga simu mapokezi. Usiombe jina la bosi moja kwa moja, wengi hawalitoi kwa mtu wasiyemjua. Sema: "Habari, dada. Nataka kuleta barua ya maombi ya kazi ya ghala. Niielekeze kwa cheo gani?" Ukishajibiwa hilo, ndipo uulize jina na linavyoandikwa. Ukiambiwa "S. Omar" tu, usikisie kama ni Bwana au Bibi. Rudi kwenye cheo. Kumwita mama wa watu Bwana ni kosa baya kuliko kutomtaja kabisa.

Kampuni ndogo huenda haina meneja wa rasilimali watu, na anayeajiri ni mwenyewe au msimamizi wa ghala. Hapo andika "Kwa Msimamizi wa Ghala". Ila "Mheshimiwa" tuwaachie wabunge na mahakimu. Kwa meneja inasikika kama unambembeleza.

Kwenye barua pepe, anwani inayoanza na info@ kwa kawaida hufunguliwa na mapokezi, kwa hivyo cheo kiingie kwenye mada: "Kwa Meneja wa Rasilimali Watu: ombi la ukarani wa ghala". Ndani, "Habari" na koma yatosha. "Habari za asubuhi" ikisomwa saa tisa alasiri inachekesha, na salamu ndefu za kibarazani zinasukuma ombi lako chini ya kioo cha simu.

Nikubali kitu kimoja: "Kwa yeyote anayehusika" ina mahali pake. Barua ya kuthibitisha tabia au utumishi, anayopewa mtu atembee nayo ofisi hadi ofisi, haiwezi kutaja msomaji mmoja. Hapo iache, lakini mstari unaofuata utaje jina kamili la mwenye barua na nambari yake ya kitambulisho, maana hicho ndicho atakachoulizwa getini.