14/40, 14/50 au 14/180? Kusoma uwezekano wenye sharti kwenye jedwali la wanafunzi

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi hapa Dar es Salaam. Nimehesabu wanafunzi wa Darasa la Tano hadi la Saba kwa usafiri wanaotumia kuja shule, nikapata jedwali hili:

| Darasa | Miguu | Daladala | Bodaboda | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Tano | 54 | 18 | 8 | 80 |
| Sita | 36 | 18 | 6 | 60 |
| Saba | 20 | 14 | 6 | 40 |
| Jumla | 110 | 50 | 20 | 180 |

Ofisini tumebishana. Nikichagua mwanafunzi mmoja bila upendeleo nikakuta anapanda daladala, uwezekano wa kuwa ni wa Darasa la Saba ni ngapi? Mimi nimepata 14/40, mwenzangu 14/50, mwingine 14/180. Na mwalimu wa taaluma anasema Darasa la Saba ndio wanaopanda daladala kidogo kuliko wote, maana ni 14 tu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, kwa swali kama ulivyoliandika, mwenzako amepatia: ni 14/50, yaani 0.28. Ila hizo sehemu nyingine mbili nazo ni majibu sahihi, isipokuwa ya maswali mengine, na ndiyo maana ubishi wa namna hii hauishi. Kila mmoja wenu alikitazama kisanduku kilekile, akaona 14 ileile, akaiweka juu kama kiasi. Mlipoachana ni kwenye asili. Na asili huipati kwa kulitazama jedwali, unaipata kwa kulisoma sharti lililomo ndani ya swali.

Chukua karatasi tupu uliweke jedwali mezani. Swali linasema mwanafunzi ameshachaguliwa na tumeshakuta anapanda daladala. Hilo halina shaka tena, kwa hiyo wote wasiopanda daladala wametoka kwenye hesabu. Funika safu wima ya Miguu, funika ya Bodaboda, na ile ya Jumla iliyo kulia ifunike pia, kwa sababu 80, 60 na 40 zimewabeba watu ambao hawatuhusu tena. Inabaki safu moja: 18, 18, 14, na chini yake 50. Kati ya hao 50, wa Darasa la Saba ni 14. Hapo hakuna fomula uliyotumia, na jibu limekamilika.

Sasa ondoa karatasi ulifunike jedwali kwa upande mwingine. Acha mstari wa Saba peke yake: 20, 14, 6, jumla 40. Ukisoma 14/40 hapo, yaani 0.35, umejibu swali la mtu anayejua kwamba mwanafunzi ni wa Darasa la Saba na anataka kujua kama hupanda daladala. Ndilo ulilojibu wewe. Na usipofunika chochote, 14/180, karibu 0.078, ni uwezekano wa kumchagua mmoja kati ya wanafunzi wote na kumkuta ana sifa zote mbili kwa pamoja. Huo hauna sharti lolote. Kwa maandishi ya kihisabati, hizo tatu ni:

```
P(Saba | Daladala)  = 14/50  = 0.28
P(Daladala | Saba)  = 14/40  = 0.35
P(Saba na Daladala) = 14/180 = 0.078
```

Kilicho upande wa kulia wa mstari wima ndicho kinachojulikana tayari, na jumla yake ndiyo asili.

Kinachowaangusha wanafunzi, na walimu pia, ni kwamba sharti linaweza kujificha popote kwenye sentensi. "Mwanafunzi wa Darasa la Saba ana uwezekano gani wa kupanda daladala?" inataka 40. "Anayepanda daladala ana uwezekano gani wa kuwa wa Darasa la Saba?" inataka 50. "Kuna uwezekano gani wa kumpata mwanafunzi wa Darasa la Saba anayepanda daladala?" inataka 180. Maneno karibu yote ni yaleyale. Mimi huwaambia wanafunzi kabla hawajagusa namba wajiulize: tumeshajua nini kuhusu mtu huyu kabla ya kuuliza? Wakiweza kulijibu hilo kwa sauti, asili wameshaipata. Wasipoweza, ni bora warudie kusoma swali kuliko kuanza kugawanya.

Nikija kwa mwalimu wa taaluma, hesabu yake inadanganya kwa namna ambayo ni rahisi sana kuiamini. Ni kweli 14 ndiyo namba ndogo kwenye safu ya Daladala. Lakini Darasa la Saba lina wanafunzi 40 tu, nusu ya Darasa la Tano. Madarasa yenye ukubwa tofauti huwezi kuyalinganisha kwa idadi kavu. Unapolinganisha madarasa, darasa ndilo sharti, kwa hiyo kila namba igawanywe kwa jumla ya mstari wake:

| Darasa | Miguu | Daladala | Bodaboda | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Tano | 67.5% | 22.5% | 10% | 100% |
| Sita | 60% | 30% | 10% | 100% |
| Saba | 50% | 35% | 15% | 100% |

Mambo yamegeuka kabisa. Darasa lenye idadi ndogo kuliko yote ndilo lenye kiwango kikubwa kuliko vyote. Tazama pia Tano na Sita: kwenye jedwali lako wote wana 18, mtu akidhani wako sawa huwezi kumlaumu, kumbe ni 22.5% kwa 30%. Hata hivyo simtupi mwalimu wa taaluma moja kwa moja. Kama anataka kujua ni watoto wangapi wa Darasa la Saba wa kuwasindikiza kituoni jioni, 14 ndiyo namba anayoihitaji na asilimia haimsaidii. Kosa lake ni kuitumia idadi kujibu swali la tabia ya darasa.

Hapa kuna mtego mwingine ambao utaukuta kwenye ripoti nyingi: jedwali la asilimia linaletwa bila kusema zimekokotolewa kwa upande gani. Jumlisha ujue. Kwenye jedwali la pili hapo juu kila mstari unatoa 100. Safu ya Daladala inatoa 22.5 + 30 + 35 = 87.5, namba isiyo na maana yoyote. Kwa hiyo asilimia hizi zina darasa kama sharti, na mtu akizisoma kwenda chini, akasema kwamba asilimia 35 ya wapanda daladala ni wa Darasa la Saba, amezigeuza. Vilevile usichukue wastani wa hizo tatu ukidhani ndicho kiwango cha wanafunzi wote. Wastani unakuja karibu 29.2%, wakati kiwango halisi ni 50/180, karibu 27.8%. Umelipa Darasa la Saba lenye watu 40 uzito sawa na Darasa la Tano lenye watu 80.

Je, ukipewa asilimia hizo peke yake, unaweza kurudi kwenye 0.28? Huwezi, mpaka uambiwe kila darasa lina wanafunzi wangapi. Ukishaambiwa, usianze kwa kukariri kanuni. Rudisha idadi: 22.5% ya 80 ni 18, 30% ya 60 ni 18, 35% ya 40 ni 14, jumla 50, na 14/50 hiyo hapo. Kanuni ya Bayes inafanya kazi hiyohiyo kwa mstari mmoja:

```
P(Saba | Daladala) = P(Daladala | Saba) × P(Saba) / P(Daladala)
                   = 0.35 × (40/180) / (50/180)
                   = 0.28
```

Ili wanafunzi waone kwa nini ukubwa wa darasa ni lazima uingie, wabadilishie namba moja tu. Acha Tano na Sita kama walivyo, lakini Darasa la Saba liwe na wanafunzi 120, na tabia yao isibadilike: 35% bado wanapanda daladala. Sasa wapanda daladala wa Darasa la Saba ni 42, na wapanda daladala wote ni 18 + 18 + 42 = 78. Uwezekano wa mpanda daladala kuwa wa Darasa la Saba unaruka kutoka 0.28 hadi 42/78, karibu 0.54. Hakuna mtoto hata mmoja aliyebadili usafiri wake, ni darasa tu lililoongezeka. Zoezi hili naliona lina nguvu kuliko maelezo yangu yote ya juu, kwa sababu mwanafunzi anaona upande mmoja wa sharti umetulia huku upande wa pili ukienda mbali.

Ukishaona 22.5, 30, 35 zikipanda hivyo, kuna kishawishi cha kusema kwamba mtoto kadiri anavyokua ndivyo anavyopanda daladala zaidi. Jedwali lako halijafika huko. Kama darasa na usafiri visingehusiana kabisa, tungetarajia Darasa la Saba kuwa na wapanda daladala 40 × 50/180, kama 11. Wewe umepata 14. Watoto watatu zaidi ni tofauti ambayo kwa darasa dogo kama hili inaweza kutokea kwa bahati tu, na nilipoijaribu kwa khi-mraba, kipimo cha kuona kama tofauti imezidi ile inayoweza kuletwa na bahati, nikilinganisha wanaopanda daladala na wasiopanda, kwa madarasa yote matatu nilipata kama 2.3, wakati mpaka wa kawaida wa asilimia 5 ambao hesabu hiyo ilipaswa kuuvuka ni 5.99. Kwa hiyo 0.35 ni kweli tupu kwa wanafunzi hawa 180 uliowahesabu, lakini usiitumie kutabiri Darasa la Saba la mwakani wala la shule ya jirani.

Kabla hujalipeleka jedwali darasani, hakiki na namna ulivyohesabu. Kuna watoto wanaochukua bodaboda hadi kituoni halafu wanapanda daladala, na ukiwauliza kwa kunyoosha mkono watanyoosha mara mbili. Mtoto wa namna hiyo akiingia kwenye visanduku viwili, asili zote zinaharibika na huoni dalili yoyote kwenye jedwali lenyewe, kwa kuwa jumla zitaendelea kukubaliana. Dalili iko kwenye daftari la mahudhurio: jumla ya kila mstari ilingane na waliohudhuria siku uliyohesabu. Kama daftari linasema Darasa la Saba siku hiyo walikuwa 38 na wewe una 40, wapo waliohesabiwa mara mbili. Waulize upya kwa swali moja lisilo na njia mbili: usafiri wa mwisho uliopanda kuja shule leo ni upi? Aliyetembea njia nzima aseme miguu, na aliyepanda viwili ataje cha mwisho tu.