Re: Orodha ya marejeo kutoka kwenye slaidi

"Vyanzo vyangu vimetawanyika chini ya slaidi na chini ya michoro. Navikusanyaje?"

Habari mkuu. Usitegemee mwonekano wa muhtasari wa PowerPoint, hauonyeshi maandishi ya chini ya slaidi. Hifadhi faili kama PDF, tafuta neno "Chanzo", kisha nakili kila mstari pamoja na namba ya slaidi. Michoro iliyobandikwa kama picha haitafutiki, hiyo ipitie kwa macho.

Usikimbilie kufuta vyanzo vinavyofanana. "NBS, 2022" chini ya idadi ya watu 61,741,120 ni Sensa ya Tanzania ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Chini ya jedwali la udumavu wa watoto huenda ni utafiti wa afya wa TDHS-MIS 2022, ambayo ripoti yake kamili ilitoka 2023. Fungua ripoti yenyewe, linganisha takwimu, ndipo uandike mwaka wa kuchapishwa.