Maswali na majibu ya Photoshop: magamba, ukurutu na mashavu yaliyobabuka kwa baridi

*Nimepiga picha ya mtu siku ya baridi, shavu limejaa magamba meupe. Nimepitisha Gaussian Blur lakini uso umekuwa wa plastiki. Nipunguze hadi ngapi?*

Iondoe kabisa. Swali hili linarudi kila msimu wa baridi, na kosa ni lilelile. Gamba ni chembe nyeupe iliyoinuka na kunasa mwanga. Ukilitia ukungu haliondoki, weupe wake unasambaa kwenye ngozi ya jirani na kuacha doa lililofifia, huku vinyweleo vikipotea.

Nakili leya kwa Ctrl+J, chukua Healing Brush, kisha weka Mode kwenye Darken. Hapo brashi itagusa tu kilicho cheupe kuliko ngozi uliyoichukulia sampuli, na vinyweleo vyeusi vitabaki. Brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko gamba. Sampuli ichukue karibu, penye mwanga uleule. Ukiichukua upande wenye kivuli, shavu litapata mabaka. Fanya kazi ukiwa umekuza picha hadi 100%. Ukimaliza, shusha Opacity ya leya hiyo hadi kama 80%, kwa sababu shavu la mtu aliyetoka kwenye baridi halitakiwi kuwa laini kama la mtoto mchanga.

Na safari ijayo, apake mafuta dakika kumi kabla ya kupigwa picha, na poda aiache. Poda hung'ang'ania magamba, na mwanga wa ubavuni huyaonyesha yote.

*Magamba yameisha ila mashavu bado mekundu. Nipunguze rangi ya picha nzima?*

Hapana, midomo nayo itakufa. Fungua leya ya Hue/Saturation, chagua Reds, sogeza Hue kuelekea njano, tuseme +6, na Saturation -10. Geuza maski iwe nyeusi, kisha paka nyeupe mashavuni tu kwa brashi laini. Shavu likianza kuwa la kijivu, umezidisha. Wekundu kidogo puani na masikioni uache, ndio unaoonyesha kwamba kulikuwa na baridi.

*Kuondoa magamba, Texture -100 kwenye Camera Raw inatosha?*

Haitoshi, inaharibu.

*Mteja wangu ana ngozi nyeusi na ukurutu shingoni. Nimepunguza wekundu, hakuna kilichobadilika.*

Kwa sababu wekundu haukuwepo. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu mara nyingi huonekana kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, na mafunzo mengi ya kuhariri hayasemi hivyo. Tatizo lako ni mwangaza. Tumia Curves, inua katikati ya mstari kidogo, maski iwe nyeusi, kisha paka juu ya baka kwa brashi yenye Flow ya 5% hadi likaribiane na ngozi ya pembeni. Pale palipopauka fanya kinyume: Curves ya pili, ishushe.

Lakini kabla ya yote muulize mwenyewe. Midomo iliyopasuka itapona baada ya wiki, isafishe bila wasiwasi. Ukurutu anaishi nao, na wapo wasiotaka ufutwe kwenye picha yao.