Nilivyouza spika ya sherehe Mbeya baada ya kufuta "wati 5000"

Spika yangu ya magurudumu, yenye maiki mbili zisizo na waya, ilikaa wiki tatu bila mteja wa maana. Kwenye tangazo nilikuwa nimenakili karatasi iliyobandikwa mbele: wati 5000. Kijana mmoja akaja kutoka Uyole. Hakuuliza hata muziki. Aliigeuza, akasoma penye tundu la umeme: AC 220-240V, 60W.

"Kaka, inakula wati 60, hizo 5000 inazitoa wapi?"

Akapanda bajaji, akaondoka.

Alikuwa sahihi. Zile 5000 ni PMPO, kilele cha kufumba na kufumbua ambacho kila kiwanda hukikokotoa kinavyopenda. Namba ya kuandika ni RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo. Yangu haikuandikwa popote, basi nikaandika nilichokiona: "Inatumia umeme wa wati 60, spika ya inchi 12, inatosha sebule au chumba cha watu 50. Kwa harusi ya uwanjani haitoshi." Betri huongezea kidogo mdundo unapopanda, lakini si mara themanini.

Nikapiga na picha ya nyuma, matundu yote yaonekane, na nyingine ya waya zote zikiwa zimetandazwa kwenye mkeka. Mwisho nikaongeza: njoo na kifaa chako ujaribu.

Aliyekuja safari hii ni mama mmoja wa kwaya, na kinanda chake. Akakichomeka kwenye tundu nene la MIC, sauti ikatoka imepasuka kama redio mbovu. Angekuwa peke yake angesema spika imeungua. Tundu la maiki hutegemea sauti dhaifu, kinanda hutoa kubwa. Tukakihamishia AUX kwa waya wenye kichwa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, ikatulia. Huo waya niliuacha uende naye. Bila huo, kinanda kisingemfaa kitu.

Maiki nayo ikapiga mluzi. Alikuwa amesimama mbele ya spika, maiki ikisikia sauti yake yenyewe. Nikamwomba asimame nyuma, nikapunguza mwangwi, ukakoma.

Jambo ambalo wauzaji wengi hulikwepa ni betri. Nilichomoa waya wa umeme kabla ya kuwasha, maana ikiwa imechomekwa hata betri mfu inaonekana nzima. Siku moja kabla nilikuwa nimeipima: sauti ya kati, saa 1 na dakika 20. Ilipokuwa mpya ilikuwa inafika saa 4. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Baba, ungeninyamazia ningerudi nayo Jumapili," akasema, kisha akaomba nipunguze shilingi 30,000 za betri mpya. Nikapunguza. Spika ikaenda kwa 220,000, maiki zote mbili zikiwa ndani ya soksi zisigongane njiani.