Mchezo wa Mafungu kwa Watoto wa Gredi ya Tatu

Mtoto wa miaka minane anayetumwa nyanya katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, tayari anajua kwamba mafungu matatu ya nyanya tano tano ni tano na tano na tano. Kuzidisha anako. Anachokosa ni njia ya kufika 15 bila kuhesabu nyanya moja moja, na mchezo mzuri ni ule unaomlazimisha kuitafuta.

Mimi hutumia vifuniko vya soda, vikombe vya plastiki visivyoonyesha ndani na dadu mbili. Wanacheza wawili. Dadu ya kwanza hutaja idadi ya mafungu, ya pili vifuniko vya kila fungu. Ikitoka 4 kisha 6, mtoto anafunika vifuniko sita sita kwa vikombe vinne na kutamka: "Mafungu manne ya sita."

Usiache kufunika. Vifuniko vikiwa wazi, atavigusa kimoja kimoja hadi 24, apate jibu sahihi na kuzidisha kusimguse. Vikifichwa, kilichobaki cha kugusa ni vikombe, na kila kikombe kinamdai hatua nzima: 6, 12, 18, 24. Akikwama, afunue kimoja tu, kisha akifunike tena. Wapo watakaosema 10, kwa kuwa wamejumlisha 4 na 6. Usibishane nao, waambie wafunue vikombe viwili. Tayari ni 12, na 10 imeshapitwa.

Sasa mpinzani anaamuru: "Ongeza fungu!" au "Ondoa fungu!" Hapa ndipo ninapotoa alama. Anayeanza upya, 6, 12, 18, mpaka 30, anapata moja. Anayetoka 24 moja kwa moja hadi 30 anapata mbili, kwa sababu huyo ameona kwamba 5 × 6 ni 4 × 6 na sita moja juu yake. Mtazame midomo na vidole, utajua yuko wapi. Baadaye, akiwa anajua mafungu matano ya saba ni 35, mafungu sita hayatamtisha: ni 35 na 7, yaani 42.

Saa ya kushindania kasi nakushauri uiweke kando kabisa. Mtoto akiharakishwa hurudi kwenye vidole au hubahatisha.

Vikombe vina upungufu mmoja: mafungu matatu ya sita sita na mafungu sita ya tatu tatu huonekana vitu viwili tofauti. Hapo leta trei tupu ya mayai, ile ya 30. Ajaze vifuniko safu tatu za sita sita, kisha aizungushe trei robo mzunguko mwenyewe, asome tena: safu sita za tatu tatu, na hakuna kifuniko kilichoongezwa wala kuondolewa. Akirudi kwenye vikombe na dadu zikatoa mafungu sita ya tatu tatu, mruhusu apange vikombe vitatu vya sita badala yake, mradi amweleze mwenzake kwa nini jumla haibadiliki.